Jumatatu siyo mlipuko: wastani wa siku saba kwenye grafu ya kila siku

Wiki iliyopita niliahidi tutazungumzia grafu, na wengi mmenijaa inboksi mkiuliza lini. Basi leo ndiyo leo. Nitaigawa vipande vipande ili aliyeko zamu asome kidogo kidogo, arudi akipata nafasi.

1. Grafu inayopanda na kushuka kila wiki

Hospitali nyingi sasa zina ile grafu ya wagonjwa wa nje ambayo inajisasisha yenyewe kila asubuhi. Mtu wa takwimu akishaingiza namba za jana kutoka kwenye rejesta, mstari unaongezeka nukta moja. Iko kwenye kompyuta ya ofisi, wengine wanaichapisha na kuibandika ukutani. Mganga mfawidhi anaiangalia, matroni anaiangalia, na kwenye kikao cha asubuhi mtu analazimika kusema neno juu yake.

Shida ni kwamba ile nukta ya mwisho ndiyo inayovuta macho. Ikiwa juu, watu wanashtuka. Ikiwa chini, watu wanapumua. Na kwenye idara ya wagonjwa wa nje, nukta ya mwisho inategemea sana leo ni siku gani.

Wewe uliyewahi kukaa mapokezi unajua. Jumatatu foleni inafika nje ya geti. Mtoto aliyeanza homa Ijumaa usiku, mama alisubiri. Zahanati ya jirani Jumapili ilikuwa imefungwa, au ilikuwa na mtu mmoja tu. Jumapili kuna ibada, kuna msiba, hakuna nauli. Wote hao unawapata Jumatatu asubuhi. Jumanne inapoa kidogo, Ijumaa inapoa zaidi, Jumamosi na Jumapili wanakuja wale waliozidiwa tu. Sehemu zenye gulio Jumatano, utakuta na Jumatano nako kuna kijimlima chake, maana mtu akija mnadani anapitia na hospitali.

Kwa hiyo mstari unachora mlima Jumatatu na bonde Jumapili, kila wiki, hata kama ugonjwa wenyewe haujaongezeka wala kupungua. Malaria haijui kalenda. Sisi ndio tunaoijua.

Hapa siongelei uzuri wa grafu. Mahali fulani nilikoshuhudia, muuguzi mmoja aliondolewa chumba cha watoto siku ya Ijumaa kwa sababu "grafu inashuka tangu Jumatatu". Ni kweli ilikuwa inashuka, kwa sababu kila grafu ya wagonjwa wa nje inashuka kuanzia Jumatatu kwenda Ijumaa. Wiki iliyofuata vipimo vya haraka vya malaria viliisha mapema kuliko ilivyopangwa, na chumba kilikuwa na mtu mmoja pungufu.

2. Dawa yenyewe: jumlisha saba, gawanya kwa saba

Wastani wa siku saba ni kitu rahisi. Unachukua idadi ya jana, unaongeza siku sita zilizoitangulia, unagawanya kwa saba. Kesho yake unafanya hivyo tena: siku mpya inaingia, siku ya zamani kuliko zote inatoka. Ndiyo maana wengine wanauita wastani unaotembea. Fikiria dirisha lenye nafasi saba linalosogea mbele siku moja moja.

Kwa nini saba na siyo tano au kumi? Kwa sababu dirisha la siku saba, ulianzishe siku yoyote, lina Jumatatu moja, Jumanne moja, mpaka Jumapili moja. Halina namna ya kuwa na Jumatatu mbili. Mlima na bonde vyote vimo ndani kila mara, kwa hiyo vinafutana.

Tuangalie kwa namba. Hizi nimezitunga ziwe rahisi kujumlisha, ila umbo lake utalitambua. Watoto wenye homa waliopita chumba cha watoto, wiki ya kwanza:

Jumatatu 62, Jumanne 48, Jumatano 45, Alhamisi 43, Ijumaa 40, Jumamosi 24, Jumapili 18.

Jumla 280. Gawa kwa saba, wastani 40.

Sasa mtu aseme yeye anapenda wastani wa siku tano. Ijumaa jioni atachukua Jumatatu hadi Ijumaa: 238 gawa kwa 5, anapata 47.6. Jumapili jioni dirisha lake litakuwa Jumatano hadi Jumapili: 170 gawa kwa 5, anapata 34. Siku mbili tu zimepita, ugonjwa ni ule ule, na wastani wake umeanguka kutoka karibu 48 mpaka 34. Hajafuta mawimbi, ameyahamisha tu. Siku kumi nazo zina ugonjwa huo huo, maana siku tatu za wiki zitahesabiwa mara mbili na nne mara moja. Kinachofaa ni saba, au kumi na nne ukitaka mstari uliotulia zaidi.

Mnakumbuka wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020 na 2021? Nchi nyingi zilizokuwa zinatoa namba za kila siku zilikutana na jambo hili. Uingereza vifo vilivyotangazwa Jumapili na Jumatatu vilikuwa vichache, halafu Jumanne vinaruka. Watu hawakuwa wameacha kufa wikiendi. Waliokuwa wanajaza taarifa ndio walikuwa wachache, na mafaili yakafika mezani baadaye. Ujerumani, Taasisi ya Robert Koch iliamua kutumia visa vya siku saba kwa kila watu 100,000, na Mei 2020 serikali iliweka kiwango cha visa 50 kwa siku saba kuwa mpaka wa kuchukua hatua katika wilaya. Hiyo ni dawa ile ile, ila wao hawakugawanya kwa saba, waliacha jumla. Umbo la mstari halibadiliki, ni ukubwa wa namba tu.

Angalieni tofauti hapo. Kule Uingereza siku za wiki zilivuruga utoaji wa taarifa. Kwetu kwenye foleni, siku za wiki zinabadilisha ni nani anakuja hospitali. Sababu ni mbili tofauti, lakini wastani wa siku saba unazifuta zote, mradi zinajirudia kila wiki kwa namna ile ile.

3. Wiki ya pili, pale macho yanapodanganya

Sasa tuendelee na chumba chetu cha watoto. Wiki ya pili mvua zimeshakaa wiki kadhaa, na kuanzia Jumatano homa inaanza kuongezeka. Kila siku watoto saba zaidi ya kawaida ya siku hiyo:

Jumatatu 62, Jumanne 48, Jumatano 52, Alhamisi 50, Ijumaa 47, Jumamosi 31, Jumapili 25.

Msomeshe mtu namba hizo kwa kufuata mstari wa kila siku. Ataona 62 ikienda mpaka 25. Atasema tunashuka, asante Mungu. Tena ataona Jumatano imepanda kidogo kutoka Jumanne, 48 kwenda 52, lakini baada ya hapo ni mteremko hadi Jumapili. Hakuna wa kushtuka.

Sasa wastani wa siku saba:

Jumatatu 40, Jumanne 40, Jumatano 41, Alhamisi 42, Ijumaa 43, Jumamosi 44, Jumapili 45.

Mstari mmoja unateremka, mwingine unapanda, na wote wawili wametoka kwenye rejesta ile ile. Wa kweli kuhusu mwelekeo ni ule wa pili.

Ukitaka kujua unafanyaje kazi, angalia Jumatano. Dirisha limepokea 52 ya Jumatano hii na limeitoa 45 ya Jumatano iliyopita. Tofauti ni 7, gawa kwa saba ni 1, ndiyo maana wastani umetoka 40 kuwa 41. Hii ndiyo siri yote, na ukiielewa hutahitaji tena kukariri: wastani wa siku saba unapanda pale tu siku mpya inapozidi siku ya jina lake ya wiki iliyopita. Jumamosi ya watoto 31 ni ndogo ukiilinganisha na Ijumaa ya 47. Lakini wastani haulinganishi na Ijumaa, unalinganisha na Jumamosi iliyopita ya 24. Kwa hiyo unapanda.

Hata kama huna kompyuta kabisa, una rejesta na kalamu, unaweza kulifanya hilo kikaoni. Usiulize "jana kulinganisha na juzi". Uliza "Jumamosi hii kulinganisha na Jumamosi ile".

4. Unapoisasisha grafu: mitego mitatu

Sasa tunakuja kwenye kazi ya asubuhi, pale grafu inapoingizwa namba mpya. Hapa ndipo wastani mzuri unapoharibiwa.

*Mtego wa kwanza: siku isiyoisha.* Tuseme ni Jumatatu ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, na grafu imejisasisha ikachukua watoto 21 walioandikwa mpaka muda huo. Jumatatu iliyopita ilikuwa 62. Tofauti ni 41 kwenda chini, gawa kwa saba ni karibu 6. Wastani wako uliokuwa 45 jana unaanguka kuwa kama 39. Homa inapanda, na grafu inasema imeshuka chini ya pale ilipoanzia. Kumbe ni nusu siku tu. Kanuni ni moja: mstari uishie jana. Siku ya leo isiingie kwenye hesabu mpaka rejesta ifungwe na zamu ya usiku ihesabiwe.

Na kama kuna kituo au chumba ambacho namba zake huchelewa siku mbili, mstari uishie juzi. Utajuaje kama zinachelewa? Andika pembeni wastani wa siku fulani ulivyosomeka leo, kisha uusome tena baada ya siku tatu. Kama kila mara umepanda, namba zako zinachelewa, na ncha ya mstari wako huwa inadanganya kwenda chini.

*Mtego wa pili: nafasi tupu na sifuri.* Jumapili hakuna aliyeingiza namba. Mmoja ataacha tupu, mwingine ataandika 0. Kwa kompyuta hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Turudi wiki ya kwanza, ambapo wastani wa kweli ni 40. Ukiacha Jumapili tupu, Excel inagawanya kwa sita: 262 gawa kwa 6 ni karibu 44. Umetoa siku iliyo chini kuliko zote, kwa hiyo wastani umepanda bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka. Ukiandika 0, ni 262 gawa kwa 7, karibu 37. Umeshusha. Sifuri iandikwe pale tu ambapo kweli hakuja mtu. Kama hujui, acha tupu, na ukatae kuchora wastani mpaka siku zote saba ziwepo.

Kama tarehe ziko safu A na idadi safu B kuanzia mstari wa 2, basi kwenye C8 andika hivi, kisha vuta kwenda chini:

```
=IF(COUNT(B2:B8)=7,AVERAGE(B2:B8),NA())
```

Maana yake: hesabu kwanza kama kuna namba saba. Zikiwepo, toa wastani. Zisipowepo, andika #N/A, ambayo grafu haitaichora kama sifuri. Mtu wa takwimu ataiona hiyo #N/A na atakwenda kuitafuta ile Jumapili kwenye rejesta, jambo ambalo ndilo tunalolitaka.

Na tarehe zote ziwe na mstari wake, hata ile isiyo na namba. Ukiruka tarehe moja, mistari saba inakuwa imebeba siku nane, na hapo dirisha linaweza kuwa na Jumatatu mbili bila Jumapili hata moja. Fomula haitalalamika.

*Mtego wa tatu: sikukuu.* Wastani unafuta kinachojirudia kila wiki. Sikukuu hairudi kila wiki. Chukua wiki ya kawaida yenye wastani 40, halafu Jumatano iwe Idi. Badala ya 45 wanakuja 17. Waliobaki nyumbani wanakuja Alhamisi, badala ya 43 wanakuja 71. Wastani wa Jumatano unashuka kuwa 36, Alhamisi unarudi 40. Hapo hakuna shida, kila mtu anakumbuka ni Idi.

Shida ni wiki inayofuata. Jumatano ya kawaida ya 45 inaingia, ile ya Idi ya 17 inatoka, wastani unaruka kuwa 44. Watu wanauliza, leo kumetokea nini? Hakuna kilichotokea leo. Kilichotokea ni cha wiki iliyopita kutoka dirishani. Alhamisi 43 inaingia, 71 inatoka, tunarudi 40. Kwa hiyo wastani ukiruka ghafla siku moja, kabla ya kumpigia mtu simu, angalia kwanza siku iliyotoka. Mimi nashauri sikukuu zote ziwekewe alama kwenye grafu, na alama iwepo mpaka siku saba zipite.

5. Wastani haujui kila kitu

Mambo matatu ya mwisho, maana nisipoyasema mtakuja kuniambia "Sista ulituambia tuangalie wastani tu".

La kwanza, wastani unachelewa. Namba ya leo ya wastani kwa kweli inaeleza hali ya katikati ya dirisha, yaani siku tatu nyuma. Kwenye mfano wetu homa iliongezeka watoto 7 kwa siku tangu Jumatano, lakini wastani utafika 47 Jumanne ya wiki inayofuata tu, wakati zile siku za zamani zote zimetoka. Kwa hiyo ukiuona umepanda siku nne au tano mfululizo, usisubiri ufike juu ndiyo uombe vipimo na dawa mseto. Ongezeko lenyewe ni kubwa kuliko unavyoliona.

La pili, wastani si wa kupangia zamu za siku. Wastani wa 40 haumaanishi watoto 40 kila siku. Jumatatu wanakuja 62, na hao 62 wanahitaji mikono ya watu. Maswali ni mawili: "Ugonjwa unaelekea wapi?" hilo jibu lake ni wastani wa siku saba. "Jumatatu tuweke wauguzi wangapi?" hilo jibu lake ni Jumatatu zilizopita. Ndiyo maana kwenye grafu nzuri namba za kila siku hazifichwi. Zinachorwa kama vijiti vyenye rangi hafifu chini, na wastani unapita juu kama mstari mzito. Kila mmoja anapata alichokuja kutafuta.

La tatu, kuna magonjwa ambayo hayasubiri wastani. Ukipata mgonjwa mmoja unayemshuku ana kipindupindu, unatoa taarifa siku hiyo hiyo. Usimgawanye kwa saba. Hata namba zikiwa ndogo sana, mbili kwa wiki, sifuri, moja, wastani wake ni desimali isiyosaidia mtu. Hapo andika kila mgonjwa kwa tarehe yake na uwafuatilie mmoja mmoja. Wastani ni wa vitu vingi vinavyokuja kila siku: homa, kuhara kwa watoto, kikohozi, idadi ya vipimo vilivyotumika.

Kwa anayetaka kuanza kesho: chukua rejesta, andika wiki tatu za nyuma siku kwa siku, jambo moja tu, mfano watoto wenye homa. Ukiwa na siku 21 unapata nukta 15 za wastani, zinatosha kuona mwelekeo. Kisha peleka grafu hiyo kikaoni ikiwa na mistari yote miwili, wa kila siku na wa wastani, ili dokta aone mwenyewe ni upi unaoruka kila Jumatatu.

Aliye na rejesta yenye gulio au siku maalumu ya kliniki, aniandikie chini hapo siku yake ya mlima ni ipi. Posti ijayo tutaongelea asilimia ya vipimo vyenye malaria, na kwa nini hutakiwi kuchukua asilimia saba za siku saba ukazigawanya kwa saba. Zamu njema.